Mama akikaa kimya asubuhi, nani anaenda kugonga mlango?

*Shangazi shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, anaishi peke yake Ipagala huko Dodoma, ana presha. Mimi niko Dar, kaka yuko Mwanza. Tulikubaliana kila asubuhi aandike "niko salama" kwenye grupu la familia. Juzi hakuandika, na mpaka saa 8 mchana hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, kila mtu alidhani mwenzake ameshaongea nae. Kumbe umeme ulikatika usiku simu ikazima chaji. Kaka anataka tumwekee aplikesheni, mama anasema tunamfanya mtoto. Nishauri. Binti wa Ipagala.*

Marahaba mwanangu. Mshukuru Mungu ilikuwa chaji tu, maana hiyo simu kuzima imewaonyesha shimo liko wapi kabla hamjatumbukia.

Shida yenu ni grupu. Grupu lina watu tisa, kumi na mbili, wote wanaona meseji, afu siku isipokuja wote wanasubiri mmoja wao ashtuke. Kwahiyo toa hii kazi kwenye grupu. Mama amtumie mtu mmoja tu na huyo mtu ajulikane kwa jina, mi naona iwe wewe, na kaka awe wa akiba siku ambazo unamuaga kabisa kwamba kesho ni zamu yake, naye akujibu "sawa", asipojibu bado ni zamu yako.

Halafu wewe usitegemee kukumbuka. Kitu ambacho hakijatokea hakishtui mtu, yani meseji ikija simu inalia ila isipokuja simu imetulia tu na wewe uko kwenye daladala unawaza mambo ya kazini. Weka alamu kwenye simu yako wewe, ukaiandike jina "MAMA KAAMKA?", na usiizime mpaka umeangalia kwa macho. Na hapa muangalie saa vizuri, mama anaposema saa 1 na nusu asubuhi kwenye simu ni 07:30, nimeshaona mtu kaweka 01:30 akaamshwa usiku wa manane, na mwingine kaweka 19:30 ambayo haikumsaidia chochote asubuhi.

Muda mwenyewe mama ndo achague, ila uegemee kitu anachofanya tayari kila siku bila kukumbushwa. Kama anameza dawa ya presha na chai, basi akimeza anabipu hapohapo. Mkimwambia tu "saa 1 kamili", Jumapili atakuwa misa ya kwanza simu iko kimya kwenye pochi, na mkishashtuka bure mara tatu nne mtaanza kuzoea, na mkishazoea hakuna kengele tena. Kubipu kunatosha asubuhi, hakuhitaji miwani wala bando, ila ajue akiwa hana salio kabisa simu haitoki, kwahiyo wewe ndo umtumie vocha kabla haijaisha na hiyo hela usimuhesabie.

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi, ndo utaelewa kwanini nasisitiza mlango kuliko simu.

Dada yangu mkubwa ni mjane anaishi Kongwa, na tulikuwa na utaratibu huuhuu wa kubipu kabla ya saa 1 asubuhi. Siku hiyo kimya. Alamu yangu ikalia saa 1:30, nikapiga, inaita haipokelewi, nikasubiri dakika kumi nikapiga tena, nikapiga ile laini yake nyingine, kimya. Saa 2 kasoro kumi nikampigia jirani yake ambaye tulimwachia ufunguo, saa 2 na dakika tano alikuwa mlangoni anagonga, na akasikia sauti ndani ikiita kwa mbali. Mpaka hapo kila kitu kimeenda kama tulivyopanga. Ufunguo ukaingia, kitasa kikafunguka, mlango ukagoma, maana dada alikuwa amepiga komeo kwa ndani kama anavyofanya kila usiku miaka yote. Dirishani nondo. Ikabidi kumtafuta mwenyekiti wa mtaa, kumtafuta fundi, kuvunja, zikaondoka dakika arobaini nyingine dada yuko kwenye sakafu ya korido ya choo tangu saa 11 alfajiri, nyonga imevunjika. Alipona, anatembea na fimbo, lakini zile dakika arobaini zinaniuma mpaka leo maana tungeweza kuziondoa kwa bisibisi mwezi mmoja kabla.

Kwahiyo we nenda kaangalie mlango wa mama. Una komeo la ndani? Ana grili anayoifunga kwa kufuli upande wa ndani, na je mkono wa mtu aliye nje unaifikia hiyo kufuli? Anaacha ufunguo umechomekwa kwenye kitasa usiku? Vitasa vingi ufunguo ukiwa umebaki kwa ndani wa nje hauingii, nyumba nyingi zina hilo tatizo na hakuna anayejua mpaka siku hiyo. Mlango mmoja tu, wa nyuma mara nyingi ndo rahisi, uwe unafungwa kwa kitasa na kufuli ambavyo jirani ana funguo zake zote, bila komeo, ufunguo wa ndani ukae kwenye msumari pembeni. Mama atasema wezi. Ana haki ya kuogopa, kwahiyo muwekeeni kitasa kizuri, na grili ibaki ila kufuli ifikike kutoka nje.

Jirani nae mama amchague mwenyewe. Asiwe yule mwenye gari zuri anayeondoka kwenda mji wa serikali Mtumba saa 12 asubuhi, awe mtu anayeshinda nyumbani, mama lishe, mwenye genge, fundi cherehani. Na awepo wa pili, maana wa kwanza nae husafiri. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe apewe taarifa mapema kwamba kuna mpango huu, ili siku ya kuvunja mlango asiwepo wa kuuliza nyie ni nani. We ukiwa Dar hata ukiwahi treni ya SGR muda uleule bado ni masaa zaidi ya matatu njiani, wa kukusaidia ni aliye hatua hamsini kutoka kwa mama.

Kingine mnachotakiwa kukijua ni hesabu ya masaa. Ukiwa na bipu moja kwa siku, tuseme saa 1 asubuhi, mama akabipu vizuri halafu akaanguka saa 1 na robo, mtajua lini? Kesho yake alamu ya saa 1:30. Hayo ni masaa 24 na robo yuko chini, na jirani bado hajatoka kwake. Ndo maana mi nasema mara mbili, asubuhi bipu na saa 2 usiku unampigia mnaongea, na kwa mpangilio huo hata akianguka muda mbaya kuliko yote haizidi masaa 13 na kidogo. Bado ni mengi, sitaki nikudanganye kwamba huu mpango unaokoa kila kitu. Mtu akipata kiharusi, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa wanaostahili kupewa hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na bipu haiwezi kukufikisha huko labda kwa bahati. Inachoweza kufanya ni kumzuia mama asikae sakafuni siku nzima. Na hilo ni kubwa, maana mtu aliyelalia upande mmoja muda mrefu misuli iliyobanwa huanza kufa na uchafu wake unaenda kuziba figo, kwahiyo akikutwa amekaa chini zaidi ya saa moja apelekwe hospitali hata kama anasema yuko poa, na mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea hapo hamna kusubiri.

Simu ya usiku usiifanye fupi ya "mzima? haya lala". Iwe maongezi, kwasababu mtu anaweza kubipu huku amepooza upande, kidole kimoja kinatosha. Sauti haidanganyi. Ukisikia ulimi mzito, maneno yanajikanyaga, au anarudia jambo lilelile kwa namna ambayo siyo ya mama yako, mwambie jirani aingie saa hiyohiyo amwangalie uso kama mdomo umeenda upande na mikono yote miwili kama inanyanyuka.

Kuhusu aplikesheni ya kaka, sikatai, zipo zinazomuuliza mtu kila siku abonyeze kitufe na asipobonyeza zinatuma taarifa kwa ndugu. Ila kaka ajibu swali moja kwanza, nani anahesabu muda? Kama inayohesabu na kutuma ni simu yenyewe ya mama, basi siku simu imezima chaji, au imeanguka kwenye ndoo ya maji, haitamwambia mtu yeyote chochote, na ndo siku mnayoihitaji. Ihesabu huko nje kwenye seva ya wenye aplikesheni, ili kimya cha simu chenyewe kiwe ndo taarifa. Pia simu nyingi zetu zina tabia ya kuzima programu zinazokaa nyuma ili kutunza betri, ingieni kwenye mipangilio muiruhusu, na muone kama taarifa inafika kwa meseji ya kawaida kwenye namba ya Tanzania au ni barua pepe tu ambayo utaifungua jioni. Kama mama anatumia kitochi basi muache na kitochi chake, kinakaa na chaji siku kadhaa na kwa umeme wa kukatika hilo lina thamani kuliko kitufe kizuri.

Sasa hilo la kumfanya mtoto. Mama yuko sahihi kwa namna mlivyolileta, maana yeye ndo anaripoti na nyie mnapokea. Geuza. Akibipu na wewe ubipu, ili ajue umeamka salama huko Dar, na siku wewe usipojibu awe na namba ya mtu wako wa karibu wa kumpigia. Mwahidi mambo mawili na uyashike: utampigia yeye kwanza kabla ya kumsumbua jirani, na siku akisahau tu hatafokewa wala kusimuliwa kwenye grupu. Yeye nae akisafiri, iwe msiba Singida au harusi Kondoa, aseme anaenda na anarudi siku gani, na wewe siku hiyo ya kurudi uiwekee alamu hapohapo, kwasababu mpango ukisimamishwa bila tarehe ya kurudi huwa haurudi.

Ukipata wikiendi panda uje Dodoma. Ijumaa usiku mwambie mama afunge kama anavyofunga siku zote, Jumamosi asubuhi asibipu kwa makusudi na simu aizime, wewe ukae nje kwa jirani na kaka huko Mwanza ndo ashike zamu bila kukumbushwa. Tizama saa ngapi kaka anapiga, saa ngapi jirani ananyanyuka, na ule ufunguo unafungua au haufungui. Halafu niandikie uniambie mlango ulisemaje.