Rafiki kapanda cheo, wewe umeachwa: hongera yake uiandikeje

Tangazo limetoka asubuhi: rafiki yako ndiye msimamizi mpya wa kitengo. Wewe nawe uliomba nafasi hiyo hiyo, na yeye anajua. Kwa hiyo atasoma maneno yako, na atahesabu pia saa ulizochukua kuyaandika. Mwandikie siku hiyo hiyo, hata mistari miwili.

Mistari hiyo iwe yake peke yake. Wengi huandika, "Hongera sana, ingawa nami nimeumia kidogo," wakidhani huo ndio ukweli. Anayeupokea ujumbe huo anabebeshwa kazi mbili, ashukuru kisha akubembeleze. Afadhali hata anayeandika hivyo kuliko mwenye utani: "Hongera bosi, usitusahau sisi wadogo." Kwa watu ambao hawakushindana utani huo hupita. Kwenu ninyi unachoma, naye hana la kujibu, maana umeshasema unatania.

Usijilazimishe furaha usiyokuwa nayo. Taja kitu ulichokiona kwa macho yako, kwa sababu hicho kinabaki kweli hata ukiwa na uchungu:

"Hongera, ndugu yangu. Ule mwezi mfumo wa malipo ulipokwama, wewe ndiye uliyewapigia wateja mmoja mmoja mpaka orodha ikaisha. Kazi hii utaiweza."

Hapo hakuna "bahati yako", wala hakuna "mimi". Na kama moyoni huoni kwamba alistahili, andika "Hongera kwa cheo kipya, nakutakia kazi njema," uishie hapo. Ufupi si uongo.

Maumivu yako yana siku yake. Subiri siku mbili tatu, kisha mwambie ana kwa ana, mkiwa wawili tu: "Nafasi ile niliitaka, na bado inaniuma. Hukunikosea. Ukiniona kimya wiki hii, ujue ni hilo." Sentensi hizo zinatosha. Akianza kusema, "Lakini wewe ndiye uliyestahili," usimwache aendelee. Mrudishe kwenye kazi yake mpya, muulize anaanza na nini. Kama sasa yeye ndiye atakayekupangia kazi, usichelewe kufanya mazungumzo haya. Akishakupa kazi usiyoipenda, maneno yale yale yatasikika kama lawama.

Swali moja usimuulize kabisa: "Walisema nini juu yangu?" Akijua, itambidi atoe siri ya kikao au akudanganye. Lipeleke kwa aliyefanya uamuzi, tena uliulize hivi: "Maombi yangu yalipungukiwa na nini?" Ukiuliza "Kwa nini yeye?" utaishia kusikiliza sifa za rafiki yako, na hizo ulishazijua.

Wakimfanyia sherehe ndogo, nenda. Fika mapema, mpe mkono kabla watu hawajajaa, kaa nusu saa, uage. Anayekuja mwisho ukumbini hutazamwa na wote, na siku hiyo wanaojua uliomba watakuwa wanakusoma uso.