Shangazi Akujibu: Mke wangu anapinga hotuba yangu ya harusi

*Shangazi, shikamoo. Dada yangu mdogo anaolewa mwezi ujao hapa Mombasa na kijana wa Karachi. Sisi ni Wapunjabi wa hapa hapa. Kiurdu nakijua, ila nimezoea Kiswahili. Baba ameniagiza niseme machache kwa Kiurdu siku ya barat, bwana harusi atakapokuja kwetu na watu wake. Nimeandaa ya kuchekesha: kwamba kipara cha bwana harusi kilitangulia kuingia ukumbini, kwamba dada hajui kupika hivyo mama mkwe ajitayarishe, na kwamba gari tulilowapa lina thamani kuliko kazi ya bwana harusi. Mke wangu ameyasoma akasema nitaiaibisha familia. Yeye hapendi mzaha tangu zamani. Baba naye alikubali posa bila kuniuliza, lakini hilo nimeshalisahau. Nifanyeje ili mke wangu aache kunivunja moyo?*
*– Kaka wa Bibi Harusi, Mombasa*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa shughuli. Kusimama mbele ya watu na kusema kwa lugha usiyoitumia kila siku si kazi ndogo. Pole yangu inaishia hapo. Mke wako amesema kweli, na ungemsikiliza usingekuwa na haja ya kuniandikia.

Hebu soma tena ulichoandika. Kipara ni cha bwana harusi, kazi ni ya bwana harusi, na anayetishwa ni mama yake. Hakuna mzaha hata mmoja unaokugusa wewe. Halafu unaniambia la posa umelisahau! Mtu aliyelisahau jambo halitii kwenye barua. Una donge na baba yako, na unataka kulitema kwenye kipaza sauti mbele ya wageni waliovuka bahari. Kaa na baba faraghani wiki hii, mwambie ilikuuma. Kijana wa watu hakukukosea kitu.

La gari ndilo lililonishtua zaidi. Huko Pakistan mali anayotoka nayo bibi harusi kwao, wanayoiita jahez, imewaliza wazazi wengi mno, hata serikali ikatunga sheria ya kuiwekea mpaka mwaka 1976. Ukilitaja gari mbele ya watu, upande wa mume watasikia wameitwa walafi, na dada yako atasikia amenunuliwa mume. Lifute leo hii.

Wenye Kiurdu chao wana desturi ya kale ya kumsomea bwana harusi shairi la sifa, liitwalo sehra, nao wanajua neno la furaha linavyoweza kuuma. Mwaka 1852 huko Delhi, mtoto wa mfalme Bahadur Shah Zafar, Jawan Bakht, alioa. Mshairi Ghalib akamtungia sehra, na mwishoni akatia majivuno kidogo: nani atatunga iliyo bora kuliko hii? Zauq, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushairi wa mfalme, akaonekana amechokozwa. Naye akajibu kwa sehra yake, na Ghalib ikambidi atunge shairi jingine la kujieleza na kutaka radhi. Huyo ni Ghalib, na alijikwaa mwishoni tu mwa shairi. Wewe una mizaha mitatu ya kuchoma, tena kwa Kiurdu cha kuungaunga.

Sasa tuseme la kufanya. Barat ni siku ambayo msafara wa bwana harusi unakuja kwenu, kwa hiyo nyinyi ndio wenyeji na mna haki ya kusema. Walima ni shughuli yao. Huko usiguse kipaza sauti mpaka uitwe. Sema baada ya nikaha, kabla ya rukhsati, ile saa ya kumtoa bibi harusi, maana hapo mama yako atakuwa analia na hakuna atakayekusikia. Dakika tatu zinatosha, na zisiwe wakati watu wananusa biriani.

Anza kwa salamu, kisha omba ruhusa ya wakubwa: *Buzurgon ki ijazat se*. Hapo tayari wazee wa Karachi wamekutazama kwa jicho jema. Bwana harusi muite *dulha bhai*, na umwambie *aap*, ile "wewe" ya heshima, hata kama ni rika lako na mmeshacheza kriketi pamoja. *Tum* ni ya wenzako, na *tu* usiitoe kabisa. Mama yake muite *khala jaan*. Usimuite samdhan, hilo ni la wazazi wenu kuitana wenyewe kwa wenyewe.

Tena usidhani heshima imekwisha ukishasema *aap*. Nimeishi na majirani wa Kipunjabi hapa Mombasa tangu utotoni, na ninajua vijana wetu wanapoanguka: kwenye kitenzi. Ukitaka kusema "baba anasema" ukatamka *Abbu kehta hai*, umemtaja baba yako kama mtoto wa dukani. Sema *Abbu kehte hain*, na ile *hain* itokee puani isikike. Kwa mama ni *Ammi kehti hain*. Andika maneno yako, kisha pitia kila mahali ulipomtaja mkubwa, ukague mwisho wa sentensi.

Mzaha upo, nani kakukataza? Chagua mmoja unaozizunguka familia zote mbili bila kumgusa mtu mwilini, mfukoni wala jikoni. Siku hiyo wasichana wa upande wa bibi harusi humficha bwana harusi viatu na kudai pesa ndipo wamrudishie. *Joota chupai* hiyo. Wewe kama kaka, subiri viatu vishafichwa na malipo bado yanabishaniwa, kisha useme taratibu: *Dulha bhai, aap ke joote hamare paas mehfuz hain. Magar hamari behen ab aap ke paas hai. Hisaab barabar nahin hua.* Yaani viatu vyake viko salama kwenu, lakini dada yenu sasa yuko kwake, kwa hiyo hesabu haijalingana. Watacheka pande zote mbili, na ndani ya kicheko hicho umemwambia kwamba dada yenu ana thamani na mtamkumbuka. Ila muulize kwanza dada wa bwana harusi kama kwao mchezo huo unachezwa. Ziko familia zilizoshika dini ambazo haziutaki, na hapo mzaha wako utaangukia kwenye kimya.

Baada ya kicheko usirudie kingine. Mwambie *aap hamare ghar ke bete hain*, ajue ni mtoto wa nyumba yenu, kisha funga kwa dua kwamba Mungu awaweke wote wawili na furaha daima: *Allah aap donon ko hamesha khush rakhe*. Wote waitikie amin. Mambo ya kuinua bilauri waachie wenye desturi hiyo.

Na niseme hili kwa nyinyi nyote mnaooza dada zenu siku hizi. Harusi imekuwa jukwaa la kila mtu kujionyesha. Kaka anataka kuchekesha, marafiki wanataka kurekodi, na bibi harusi mwenyewe kasahauliwa. Zamani neno baya liliishia ukumbini. Leo simu mia zimeinuliwa, na kabla hujaketi, shangazi zake bwana harusi walioko Karachi wameshakusikia. Ulimi hauna mfupa, na atakayekaa na matokeo ni dada yako, kwenye nyumba ya watu, wewe ukiwa Mombasa unakunywa chai.

Mkeo unasema hapendi mzaha. Mimi naona yeye peke yake ndiye aliyemfikiria dada yako. Mrudie, umwambie alikuwa sahihi, kisha msomee maneno mapya kwa sauti, mara mbili. Akicheka kwenye viatu, mpelekee baba ayasikie naye.