Occurrence: r ngapi?

"Nimeandika occurence kwenye ripoti, kompyuta ikapiga mstari mwekundu. Ni r moja au mbili, na kwa nini?"

Mbili, ndugu yangu: occurrence. Anza na kitenzi, occur. Kinaishia na irabu moja na konsonanti moja, na mkazo uko mwishoni: o-KAA. Kikija kiambishi kinachoanza na irabu, r inarudiwa: occurred, occurring, occurrence. Ukiacha moja, jicho linadhani shina ni occure, lisomeke kama cure.

Kinachotuchanganya ni refer. Referred ina r mbili, lakini reference ina moja, maana mkazo umehamia mwanzoni: RE-frens. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho hatuusikii upesi, kwa hiyo tamka kwa sauti kwanza. Na c za mwanzoni mwa occurrence ni mbili pia.