Wastani na variansi ya eksponensha: kile kipande cha mabano kinaishia wapi?

"Wakuu, kwenye wastani wa eksponensha nikiintegreti kwa sehemu napata −x·e^(−λx) kutoka 0 mpaka infiniti. Pale juu ni infiniti mara sifuri, mbona kila mtu anaandika 0 na kupita? Mwenzangu katumia v nyingine, kaishia infiniti kabisa. Halafu variansi yangu inatoka 2/λ², majibu yanasema 1/λ²."

Mkuu, kwanza iondoe infiniti kwenye hesabu yako. Ile alama iliyo juu ya integrali ni kifupi tu cha maagizo: integreti mpaka b, kisha tazama jibu linaelekea wapi b inapozidi kukua. Nimesahihisha kazi nyingi za mada hii, na anayeandika b mpaka mstari wa mwisho mara chache sana hupotea. Anayebandika ∞ ndani ya mabano ndiye anayefika kwenye "∞ × 0" na kukwama, kwa sababu hicho kitu hakina thamani. Kinachoweza kuwa na thamani ni limiti.

Msongamano wetu ni λe^(−λx) kwa x ≥ 0. Chagua u = x, na dv = λe^(−λx) dx. Basi du = dx, na v = −e^(−λx). Ukiintegreti mpaka b:

```
∫₀ᵇ x·λe^(−λx) dx = −b·e^(−λb) + ∫₀ᵇ e^(−λx) dx
                  = −b·e^(−λb) + (1 − e^(−λb))/λ
```

Hapo hakuna infiniti popote. Kuna namba ya kawaida kwa kila b. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba b·e^(−λb) inakwenda sifuri. Wengi hutaja kanuni ya L'Hôpital, na ni sawa kabisa, lakini mimi napenda njia inayokuonyesha inashuka kwa kasi gani. Mfululizo wa e^t ni 1 + t + t²/2 + t³/6 na kuendelea, na t ikiwa chanya kila kipande ni chanya. Kwa hiyo e^t ni kubwa kuliko kipande chochote kimoja ukichukua peke yake, kwa mfano t²/2. Weka t = λb:

```
b·e^(−λb) < b · 2/(λb)² = 2/(λ²b)
```

Upande wa kulia unakwenda sifuri, na wa kushoto haushuki chini ya sifuri, kwa hiyo hauna pa kwenda isipokuwa sifuri. Ukija kukutana na b²·e^(−λb), na utakutana nayo kwenye variansi, chukua t³/6 badala ya t²/2 utapata 6/(λ³b). Kipeo cha b kikiwa kikubwa zaidi, unasogea tu kipande kimoja mbele kwenye mfululizo.

Tuone kwa namba, λ = 0.5. Kwa b = 10, b·e^(−λb) ni kama 0.067, na jumla yote mpaka hapo ni 1.919. Kwa b = 20 kile kipande kimeshuka mpaka 0.0009, na jumla ni 1.999. Inaelekea 2, yaani 1/λ.

Sasa huyo mwenzako. Nadhani alichukua v = 1 − e^(−λx), kwa kuwa ndiyo uwezekano limbikizi na inavutia kuitumia. Si kosa la diferensheni: ukiidiferenshieti unapata λe^(−λx) kama kawaida, maana v inaruhusu kuongezewa namba yoyote isiyobadilika. Shida inakuja pale juu:

```
b·(1 − e^(−λb)) − ∫₀ᵇ (1 − e^(−λx)) dx
```

Kipande cha kwanza kinakua bila mwisho, na cha pili vilevile. Akipeleka kila kimoja infiniti peke yake, anabaki na infiniti kutoa infiniti, na hapo anaweza kuandika chochote anachotaka. Lakini akivumilia na b, integrali ya pili ni b − (1 − e^(−λb))/λ, ile b inakatana na b ya mbele, na anabaki na mstari uleule tuliopata juu. Kwa hiyo namba unayoongeza kwenye v haina madhara mpaka b, ila ukitaka kupeleka vipande kwenye limiti kimoja kimoja, chagua v inayokufa mbali huko. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuchagua −e^(−λx), ingawa vitabu vingi haviisemi.

Ukigeuza chaguo, u = λe^(−λx) na dv = x dx, mabano bado yanakwenda sifuri lakini unabaki na integrali ya x²·e^(−λx), ngumu kuliko uliyoanza nayo. Ukiitazama vizuri inasema wastani ni λ/2 mara wastani wa x². Ni kweli, ila haikusaidii kama hujui huo wa pili.

Tuje kwenye 2/λ². Hesabu yako haina kasoro, haijaisha tu. Hiyo ni E[X²]. Chukua u = x² na v ileile:

```
∫₀ᵇ x²·λe^(−λx) dx = −b²·e^(−λb) + 2∫₀ᵇ x·e^(−λx) dx
```

Mabano yanakufa kwa ile hoja ya t³/6. Kabla hujakimbilia kuintegreti kwa sehemu mara ya pili, simama utazame integrali iliyobaki: ni ya wastani, imekosa λ tu. Ongeza λ ndani na ugawe kwa λ nje, unapata (2/λ)·(1/λ) = 2/λ². Wengi hurudia kazi yote kutoka mwanzo na ndipo alama ya kutoa inapowaponyoka. Kisha:

```
Var(X) = E[X²] − (E[X])² = 2/λ² − 1/λ² = 1/λ²
```

Kwa λ = 0.5, E[X²] ni 8, mraba wa wastani ni 4, variansi ni 4, na mkengeuko sanifu ni 2, sawa na wastani. Usawa huo unashika kwa kila λ, hivyo ni kipimo cha haraka: ukipata mkengeuko sanifu tofauti na wastani, rudi nyuma. Vilevile ukipata wastani hasi, umepoteza alama ya kutoa kwenye v, kwa sababu X haiwi hasi.

Jambo moja la tahadhari, ndugu yangu. Usizoee kuandika "mabano = 0" kwa mkono wa mazoea. Chukua msongamano 1/x² kwa x ≥ 1, nao ni halali, eneo lake ni 1. Hapo v = −1/x, na kule juu x·v ni −1 hata b iwe kubwa kiasi gani; haiendi sifuri. Chini nako ni −1, kwa hiyo mabano yanafutana, na unabaki na integrali ya 1/x mpaka b, yaani ln b, inayokua bila kikomo. Mgawanyo huo hauna wastani wenye kikomo, na variansi yake ndiyo usiiulize.