Laptopu ya mkopo: je, nyongeza ni kodi ya muda?

Swali: Assalamu alaykum, sheikh. Nasoma chuo hapa Nairobi na nachapa kazi za watu nipate karo. Laptopu niliyoiona Luthuli Avenue ni shilingi 48,000, na bei haijasogea tangu mwaka jana. Mkopeshaji yuko tayari kunipa 48,000 nilipe 4,720 kwa miezi 12, na ada ya 1,440 mwanzoni. Kaka yangu asema hiyo si riba, ni kodi ya muda, kwa kuwa nikingoja nalipa saiba 600 kila mwezi. Ni kweli?

Jibu: Waalaykumu salaam, binti yangu. Swali lako limenikosesha raha, maana maneno ya kaka yako nayasikia sana siku hizi, hata kwa watu wanaosimama safu ya mbele.

Nianze na hesabu. Kwa mkopo utatoa 56,640 na ada 1,440, jumla 58,080. Ukiweka akiba hizo hizo 4,720, mwezi wa kumi una 47,200, na mwezi wa kumi na moja unanunua na chenji inabaki. Ongeza saiba ya miezi 11, yaani 6,600. Kungoja kumekugharimu 54,600, pungufu ya mkopo kwa 3,480. Tena angalia wanavyohesabu: asilimia 18 imewekwa juu ya 48,000 zote hadi mwezi wa mwisho, ingawa kila mwezi unapunguza deni. Ukipima kwa deni linalobaki, ni karibu asilimia 32 kwa mwaka, hata kabla ya ile ada.

Lakini sitaki ujenge dini yako juu ya hizo 3,480. Lau saiba ingekula 1,000 kwa mwezi, kungoja kungefika 59,000 na mkopo ungekuwa nafuu. Je, hapo riba ingehalalika? Hasha.

Kaka yako amechanganya vitu viwili. Kodi hulipwa kwa kitu kinachobaki. Ukinikodisha cherehani, naishonea kisha naurudisha mwili wake, na ikiharibika bila uzembe wangu hasara ni yako. Pesa haitumiki ila kwa kuondoka mkononi. Mkopeshaji hakukodishi noti zake. Anakupa uzimalize, nawe unabaki na deni la mfano wake. Laptopu ikiibiwa Githurai kesho, yeye hapotezi hata senti. Faida asiyobeba hatari yoyote ataiitaje kodi? Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 279, kwamba wenye kutubu haki yao ni rasilmali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Rasilmali yake ni 48,000. Wengine hushika aya ya Aal Imran inayokataza riba maradufu, wakasema kidogo hakina neno. Aya ya Baqara haikuacha kidogo wala kingi. Na katika Hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume ﷺ amemlaani mla riba, anayemlisha, mwandishi na mashahidi wake, akasema wote ni sawa. Anayemlisha ni wewe, binti yangu, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Wala usiniambie ni dharura. Saiba ipo, na kazi unaifanya. Ni dhiki, naijua, kukaa foleni usiku huku mteja anapiga simu. Lakini si dharura.

Mwenye duka akikuuzia yeye mwenyewe laptopu iliyo mali yake kwa 54,000, ulipe 4,500 kwa miezi 12, bei ikafungwa siku ya makubaliano, hiyo ni biashara, nayo ni halali. Muulize mambo mawili: nitamlipa nani, na nikichelewa deni litaongezeka? Ukiambiwa kwamba kampuni nyingine humlipa yeye leo kisha ikudai wewe zaidi, au kwamba deni hukua, toka dukani.

Ila ningekuwa babako, ningekupeleka kwenye chama. Kinadada 12 wakitoa 4,000 kila mwezi, mkupuo mmoja ni 48,000 kamili, na wanazuoni wengi wameujuzisha. Ukipata zamu ya tatu, utakuwa umelipa saiba 1,800 tu, na laptopu imekugharimu 49,800. Chagueni wanaojuana nyumbani, andikeni zamu, na kila anayepokea mapema awe na mdhamini, kwa sababu chama huvunjika pale wa kwanza anapochukua kisha akazima simu. Na asitokee mtu akauza zamu yake kwa elfu mbili: hapo riba itakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Waeleze kwamba unahitaji chombo cha kazi, uwaombe zamu ya mapema. Wallahu a'lam.