Losheni ya jua haitoshi: nguo, kijiko na vidole kwa mtu mwenye ualbino

Swali linaloulizwa kuliko yote katika familia zenye mtu mwenye ualbino ni hili: losheni gani ya jua ni nzuri? Jibu lake ni fupi. Chupa iandikwe SPF 30 au zaidi, ioneshe kwamba inazuia mionzi ya UVA pamoja na UVB, na tarehe yake iwe haijapita. Tanzania ipo KiliSun, inayotengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino, na kwa anayeipata kupitia kliniki hakuna haja ya kuhangaika na chupa za bei mbaya madukani. Swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya hilo ni sehemu gani ya mwili itabaki wazi, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana kama losheni itatosha au itakwisha katikati ya wiki.

Tuchukue msichana wa sekondari mwenye umbo la mtu mzima. Amevaa shati la mikono mifupi, sketi ya magotini na ndala, kichwa wazi. Ili losheni ifanye kazi iliyoandikwa kwenye chupa, uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai kilichojaa, yaani mililita 5. Mikono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, mililita 3 kila mmoja. Miguu kuanzia goti kushuka, mililita 5 kila mmoja. Jumla ni mililita 21 kwa mara moja. Akipaka mara tatu, asubuhi kabla ya kutoka, saa nne na saa saba, ametumia mililita 63 kwa siku. Chupa ya mililita 100 inakwisha kesho yake.

Sasa mvalishe shati la mikono mirefu lenye kola, sketi ndefu au suruali, soksi, viatu vya kufunika na kofia pana. Kilichobaki ni uso, masikio, shingo na migongo ya viganja, kama mililita 6 kwa mara moja na 18 kwa siku. Chupa ileile inamfikisha siku tano. Bado si kidogo, lakini kuna nyumba inaweza kuimudu hii ambayo isingeimudu ile ya kwanza. Ndiyo maana tunasema nguo ndiyo kinga yenyewe, na losheni ni ya kuziba palipobaki. Kama shule inashikilia sare ya mikono mifupi, mzazi aende kwa mwalimu mkuu na hesabu hii mkononi. Aombe pia mtoto asisimamishwe mstarini mchana, na kazi za shamba zake ziwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Nguo yenyewe ina vipimo vyake. Inyooshe mbele ya dirisha: ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, na mionzi inapenya. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea kinashinda shati jeupe jepesi, na kanga iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikawa laini haikingi tena kama ilipokuwa mpya. Nguo nyepesi iliyolowa jasho au maji hukinga kidogo kuliko ilivyo kavu. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo hatuipendekezi hata kidogo. Inafunika paji la uso na kuacha masikio na kisogo, na masikio ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani hupenda kuanzia.

Kuhusu saa, huhitaji kukariri. Simama uwanjani utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko kwenye makali yake, na kwetu karibu na ikweta hiyo ni takriban kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Baridi isikudanganye. Watu wa Njombe, Mbeya na miteremko ya Kilimanjaro huungua siku ya upepo na mawingu kwa sababu hawasikii joto, ilhali joto na mionzi ni vitu viwili tofauti, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo mionzi inavyozidi. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Kivuli cha mti wenye majani machache nacho hakitoshi, maana mionzi mingine hutoka angani kila upande, na ukiwa ufukweni mchanga na maji huirudisha usoni kutoka chini.

Turudi kwenye losheni, kwa kuwa makosa yake yanajulikana. La kwanza ni uchache. Mtu anaweka tone kiganjani, anasugua mpaka liishe, kisha anashangaa kuungua akiwa amepaka. Ukipaka nusu ya kiasi hupati nusu ya kinga, unapata chini ya hapo. La pili ni kuichanganya na vaselini au mafuta ya nazi ili iongezeke. Mchanganyiko huo haukai sawasawa kwenye ngozi, na mafuta hayo peke yake hayakingi jua. La tatu ni chupa kukaa kwenye dirisha, kwenye gari au chini ya bati. Joto huiharibu, na utaijua: inajitenga, maji juu na uji chini, au inatoa vipunje na harufu ngeni. Hiyo itupwe. Paka ngozi ikiwa safi na kavu, dakika 20 kabla ya kutoka, na usisahau nyuma ya masikio, kisogo na mdomo wa chini. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukijifuta uso. Mkorogo na krimu za kung'arisha zisiguse ngozi hii kabisa. Na ukiandikiwa doksisiklini, mwambie mtoa dawa kwamba una ualbino, kwa sababu dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi zaidi.

Hata anayefanya yote haya ana jua la utotoni lililokwisha kuingia mwilini. Kwa hiyo ngozi ikaguliwe mara moja kila mwezi, na ikaguliwe kwa vidole kabla ya macho. Sababu ni mbili. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, kioo hakiwasaidii sana. Pia dalili ya mwanzo kabisa huguswa kabla haijaonekana. Osha losheni yote, kausha ngozi, kaa penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Pitisha ncha za vidole polepole bila kukandamiza: utosini kwenye mgawanyo wa nywele, paji la uso, pua, mashavu, masikio mbele na nyuma, mdomo wa chini, kisogo, kifua pale kola inapoachia, mikono, migongo ya viganja, miguu. Kisogo, nyuma ya masikio na mgongo akusaidie mtu wa nyumbani, na awe huyohuyo kila mwezi ili mkono wake uizoee ngozi yako.

Unachotafuta ni sehemu inayokwaruza kama msasa. Mara nyingi ni ndogo kuliko kunde, ina rangi ya ngozi au wekundu kidogo, na gamba lake likibanduka linarudi palepale. Hilo ni doa la uharibifu wa jua. Bado si saratani, lakini baadhi yake hugeuka kuwa saratani, na huwapata hata vijana. Kuungua kwa kawaida hakufanani nalo: huja saa chache baada ya jua, huenea, huuma, na hupona ndani ya wiki moja hivi. Madoa bapa ya kahawia yasiyokwaruza ni alama kwamba sehemu hiyo imepigwa jua sana, lakini mara nyingi si ugonjwa. Likibadilika umbo, likivimba au likitoa damu, lioneshwe. Mdomo wa chini unaopasuka na kubanduka miezi nenda rudi, wenye mabaka meupe, usiuite ukavu.

Dalili zinazotaka hospitali bila kusubiri ni kidonda kisichofunga ndani ya wiki nne, kidonda kinachofunga na kufunguka tena, uvimbe mgumu wenye kingo zilizoinuka, gamba nene linalochomoza kama pembe, na uvimbe unaong'aa unaotoa damu kwa kuguswa kidogo. Usingoje kiwe cheusi. Kwa ngozi yenye ualbino hata saratani zile ambazo kwa wengine huwa nyeusi zinaweza kuwa na rangi ya waridi. Ukikuta kidonda usoni, sikioni au kichwani, papasa pia chini ya taya, nyuma ya sikio na shingoni, maana tezi ngumu iliyovimba huko huenda ikawa ugonjwa umekwisha kuhama.

Chenye shaka kipigwe picha ya simu, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa upimike, na tarehe iandikwe. Picha hiyo husaidia zahanati. Kinachochelewesha watu mara nyingi ni kuzungushwa: tyubu ya antibiotiki, kisha nyingine, huku nyumbani kidonda kikimwagiwa unga wa vidonge vya rangi mbili. Unga hukausha juu, gamba likaonekana kupona, na chini nyama inaendelea kukua. Sema wazi: "Nina ualbino, kidonda hiki kina wiki sita, kimetoa damu, naomba rufaa kliniki ya ngozi." Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990.

Doa la msasa hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, sekunde chache tu. Linauma, linatoa lengelenge, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi limekauka. Yakiwa mengi, daktari huweza kutoa krimu ya fluorourasili ya kupaka kwa wiki kadhaa. Katikati ya dozi ngozi huwa nyekundu na kuchubuka, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani inawadhuru, kumbe ndivyo inavyofanya kazi. Ikizidi uvumilivu, rudi kwa aliyekuandikia, usijikatie dozi, na mjamzito asiitumie. Saratani ndogo hukatwa kwa sindano ya ganzi, na nyama iliyotolewa hupimwa kuhakikisha kingo zote ni safi. Uliza majibu ya kingo hizo kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa zikiwa si safi kidonda kitafunga vizuri kabisa na ugonjwa utarudi chini ya kovu. Iliyochelewa hudai upasuaji mkubwa wa kupandikiza ngozi, pengine na tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako mgonjwa wa mkoani hukaa wiki kadhaa mbali na nyumbani.