Saa moja ya chanjo si saa moja ya jioni

*Swali: Shikamoo daktari. Baba ni mfugaji Simanjiro, ana ng'ombe 40 na mbuzi 60. Nimepata ratiba ya chanjo kwa Kiingereza: sotoka ya mbuzi na kondoo, homa ya mapafu ya ng'ombe, homa ya mapafu ya mbuzi, na miguu na midomo. Nimeitafsiri neno kwa neno, lakini nikimsomea anachanganya dawa na tarehe. Tena chanjo nitazibeba kwa bodaboda, mwendo wa saa nne, na nyumbani hakuna friji. Niandikeje, na nizibebeje?*

Marahaba, kijana wangu. Kabla ya yote, tafuta kwenye tafsiri yako mahali ulipoandika "itumike ndani ya saa moja baada ya kuchanganywa", ukafute. Mimi niliwahi kuiandika hivyohivyo, nikajiona nimemaliza kazi. Mzee mmoja akachanganya chanjo saa sita mchana, akachoma wanyama polepole, akapumzika, akaendelea mpaka jua linazama. Nilipomuuliza alinionyesha karatasi yangu: si imeandikwa saa moja? Na saa moja ya jioni ilikuwa bado. Hakukosea yeye. Andika "dakika 60 tangu maji yaingie kwenye chupa, kisha mwaga", na siku hiyo weka kengele kwenye simu yako.

Majina nayo yana mitego. Ukimwambia baba "sotoka" atakujibu kwamba sotoka iliisha, na ni kweli, ile ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii ya mbuzi na kondoo ni virusi vingine na ipo. Halafu homa ya mapafu: kama nyumbani mnasema Kimaasai, neno ni olkipiei, kwa ng'ombe na kwa mbuzi pia. Mfugaji akisikia jina moja anaona chupa moja inatosha. Haitoshi, kwa sababu vimelea ni tofauti na chanjo ni tofauti. Mimi huandika jina la mnyama kwanza, kwa herufi kubwa, ndipo ugonjwa. Ukiweza, chora pembe za ng'ombe kwenye mstari wake na ndevu za mbuzi kwenye wake.

Sasa tarehe. Mstari unaosumbua ni wa miguu na midomo, maana ng'ombe ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji sindano mbili zilizoachana wiki tatu hadi nne, kisha moja kila miezi sita. Wengi huchoma ya kwanza wakahesabu kazi imekwisha. Hiyo ya kwanza inaamsha mwili tu, na kinga inayobaki ni fupi. Tuseme mmechoma Jumanne, tarehe 5 Mei 2026. Ya pili ni Jumanne, tarehe 2 Juni, na ya miezi sita itaangukia mwanzoni mwa Desemba. Kwa baba usiandike siku 28. Mwambie: mwezi ulivyokuwa angani usiku wa sindano ya kwanza, ukirudi hivyohivyo, turudi zizini. Mwezi wa angani unazidi wiki nne kwa siku moja na kitu, haidhuru.

Homa ya mapafu, ya ng'ombe na ya mbuzi, ni mara moja kwa mwaka. Neno "mwaka" lifunge kwenye msimu, kwa mfano mwishoni mwa masika, kabla makundi hayajaanza kukutana kwenye visima vya kiangazi. Ndama chini ya miezi sita asichomwe ile ya ng'ombe. Sotoka ya mbuzi huanza mtoto akifikisha miezi minne, kwa sababu akiwa mdogo zaidi kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuiua chanjo. Akishachanjwa, kinga hukaa angalau miaka mitatu, kwa hiyo kila mwaka mnatafuta watoto wapya.

Kuna jambo ambalo ratiba nyingi hulisahau, nawe liongeze. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ina vimelea hai, na oksitetrasaiklini huviua. Kama baba ana kawaida ya kuchoma ile dawa kila ng'ombe akikohoa, aiweke kando angalau wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Tena baada ya chanjo hii baadhi ya ng'ombe huvimba mahali palipochomwa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi baadaye. Asipasue uvimbe, amwite afisa mifugo wa kata, ambaye kwa vyovyote anatakiwa awepo siku ya chanjo.

Kuhusu baridi, chupa zako ni za aina mbili. Sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu ya ng'ombe huja kama unga mkavu wa vimelea hai. Huo unaogopa joto na jua, lakini ukigandishwa kabla ya kuchanganywa hauharibiki. Miguu na midomo na homa ya mapafu ya mbuzi huja kama maji yenye vimelea vilivyouawa, na hayo yanaogopa joto na kuganda pia. Yakiganda, hata yakiyeyuka tena, nguvu imepotea. Ukiona mabonge ambayo hayachanganyiki unapotikisa, tupa, ingawa si kila iliyoganda itakuonyesha. Iliyopata joto ndiyo haionyeshi chochote kabisa.

Kwa hiyo pakiti za barafu usizitoe kwenye friza ukaziweka moja kwa moja kwenye kasha. Ziache mezani mpaka zitoke jasho, na ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Zipange pembeni na juu. Chupa za maji zikae katikati ndani ya boksi lao, zimezungushiwa gazeti, na kipimajoto kilale kando yake: kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Maji ya kuchanganyia nayo yapoe tangu usiku uliotangulia, kwani wengi hupoza unga kisha wakaumimina kwenye maji ya mfukoni. Kasha lifungwe wima nyuma ya bodaboda, lifunikwe kitambaa chenye maji, na lisifunguliwe njiani hata kwa kuchungulia. Ondoka alfajiri, au fika jioni mchome asubuhi ukiwa na pakiti za akiba.

Zizini, mbuzi wafungiwe kwanza ndipo uchanganye. Chupa nyingi za unga zimefungwa bila hewa, hivyo ukichoma sindano yenye maji, chupa huyavuta yenyewe. Isipovuta, au unga umenywea na kunata, iweke kando. Sindano ichemshwe ipoe, isipanguswe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huua chanjo hai. Dozi ya sotoka ya mbuzi ni sisi moja chini ya ngozi.

Chupa ya dozi 100 kwa mbuzi wenu 60 inabakiza 40. Usichanganye nusu ukaweka nusu, wala siku wakiwa 130 usiongeze maji ili wote wapate. Mwambie jirani alete mbuzi wake 40 asubuhi hiyohiyo. Vijana wawili wakikamata vizuri, mia wanaisha kabla ya kengele. Kitakachobaki kichemshwe, kimwagwe shimoni, na chupa zifukiwe mahali watoto hawafiki.